Oda moja, mizigo miwili: apu yako ikikatwa katikati ya malipo

Ukimuuliza mtengenezaji wa apu kama ameshatesti kwa ajili ya watu wa kipato cha chini atakwambia ndio, nimewasha emuleta, nikaweka mtandao wa polepole, apu ikachelewa kidogo ila ikafunguka. Kwangu mimi huyo bado hajatesti kitu. Upolepole ndo sehemu rahisi ya hii shida, mtu mwenye simu ya laki na kitu ameshazoea kusubiri, kiduara kikianza kuzunguka anaiweka simu kwenye kaunta anahudumia mteja alafu anairudia. Kinachomtia hasara ni kukatika, na kukatika kwenyewe kuna sehemu moja kunakopenda kutokea, pale anapotoka kwenye apu yako kwenda kuweka namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money. Hapo simu ya bei nafuu na mtandao mbovu vinakutana kwa pamoja, na hapo ndo sioni watu wakipima.

Chukua mfano wa apu ya kuagizia mzigo wa duka, maana hizi siku hizi zipo nyingi. Mangi yuko kijijini, anachagua katoni nne za sabuni na ndoo mbili za mafuta, jumla inakuja shilingi 186,000, anabonyeza "Agiza na ulipe". Apu inatuma ombi kwenye seva, seva inaandika oda kwenye databesi, alafu inaiomba kampuni ya simu imtumie mangi ule ujumbe wa kuthibitisha malipo unaoruka kwenye skrini. Seva inamjibu apu "oda namba fulani imepokelewa, subiri malipo". Ukiwa ofisini na waifai hili jibu linafika kabla ya ujumbe wa malipo kuruka, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kiko kwenye mstari na hakuna anayeshtuka.

Kule kijijini mpangilio unageuka. Ujumbe wa malipo haupiti kwenye data, unapita kwenye njia ya mawimbi ileile ya USSD na meseji, kwa hiyo hata data ikiwa inakohoa wenyewe unafika, na mara nyingi unafika kabla ya jibu la seva. Sasa ukishafika kuna kitu kinatokea ambacho kwenye laptopu hutakaa ukione. Simu iliyoko kwenye 2G haiwezi kushika kikao cha USSD na data kwa wakati mmoja, data inasimama mpaka kikao kiishe. Na simu iliyoko kwenye 4G lakini haina VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha sauti kwenye 4G, inashuka kwanza kwenye 3G au 2G ili ihudumie hiyo USSD, ikiangukia 3G data inayumba kidogo tu, ikiangukia 2G inasimama kabisa. Kwa hiyo muda mangi anaweka namba ya siri, jibu la seva liko njiani na halina pa kupitia.

Apu nayo iko inahesabu. Kama umetumia OkHttp bila kugusa kitu, inasubiri sekunde 10 za kusoma jibu alafu inakata tamaa, na sekunde 10 haziwatoshi watu wengi kuweka namba ya siri, hasa mtu anayesoma kwanza jina la kampuni asije akatuma hela pabaya. Volley ndo balaa zaidi kwa sababu yenyewe bila kuambiwa inasubiri sekunde mbili na nusu tu kisha inatuma ombi tena mara moja, hata kama ombi ni la POST, yaani oda ya pili inaweza kuzaliwa mangi akiwa hajabonyeza chochote. Nimeona timu inamlaumu mteja kwamba "anabonyeza bonyeza" na kumbe mbonyezaji ni maktaba waliyoiweka wenyewe.

Mangi anamaliza, meseji ya malipo inaingia, anarudi kwenye apu. Anakuta moja ya mambo mawili. La kwanza ni maandishi mekundu "Imeshindikana, jaribu tena", na yeye mtu mtiifu anajaribu tena, seva inaandika oda ya pili, ujumbe wa malipo unaruka tena. Akilipa tena, hela imeenda mara mbili. Akikataa, kule ghala wanaona oda mbili zinazofanana, moja imelipwa na nyingine inasubiri, na kijana wa kupakia akiwa na haraka anapakia zote. La pili ni kwamba apu imeanza upya kabisa kwenye ukurasa wa kwanza, kapu tupu, hakuna dalili ya oda yoyote. Hapo anapiga simu huduma kwa wateja, au anaagiza upya kila kitu.

Hili la pili ndo la simu yenyewe. Tangu Android 13 Google walipandisha kiwango cha chini cha Android Go kuwa RAM ya 2GB, lakini simu za 1GB bado ziko mikononi mwa watu na bado zinauzwa mtumba, na hata hiyo 2GB ukitoa ya mfumo wenyewe, WhatsApp yenye magrupu ya ukoo na kibodi, kinachobaki ni kidogo. Mtu akitoka kwenye apu yako kwenda kusoma meseji au kuangalia salio, Android inatafuta pa kupunguza mzigo na apu yako iliyokaa nyuma inauawa, kimyakimya, bila ujumbe wowote. Akirudi Android inajaribu kumrudisha kwenye ukurasa uleule aliouacha, lakini vile vitu ulivyovishika kwenye memori, kapu, namba ya oda, nani kaingia, vyote vimeondoka. Apu ya kawaida ya Android hapo inakrashi au inaonyesha kapu tupu, ya Flutter au React Native kama hukujipanga inaanzia ukurasa wa kwanza kama vile hamjuani.

Sasa kutesti. Kuua apu kwa namna sahihi kuna utata kidogo na watu wengi wanaukosea, wanaifuta apu kwa kuisukuma juu kwenye ile listi ya apu zilizofunguliwa alafu wanasema tumetesti. Ukifanya hivyo umeiambia Android kwamba umemaliza, inatupa kila kitu na kukuanzishia upya, na hiyo sio hali ya mangi. Kuna wengine wanawasha ile sehemu ya "Don't keep activities" kwenye mipangilio ya watengenezaji, nayo haitoshi, inaua kurasa lakini prosesi yenyewe inabaki hai, kwa hiyo kapu ulilolishika kwenye kigezo cha static linaendelea kuwepo na hitilafu inajificha palepale. Namna inayofanana na maisha ya kweli ni hii, fika kwenye ukurasa wa kusubiri malipo, bonyeza kitufe cha nyumbani ili apu iende nyuma, kisha kwenye laptopu:

```
adb shell pidof com.mfano.duka
adb shell am kill com.mfano.duka
adb shell pidof com.mfano.duka
```

Amri ya kwanza inakupa namba ya prosesi, ya tatu isikupe kitu, ikikupa namba ileile ujue haijafa, pengine ulisahau kuipeleka nyuma maana `am kill` haigusi apu iliyoko mbele ya macho. Usitumie `force-stop`, hiyo ni sawa na kuizima kabisa. Kisha rudi kwenye apu kupitia listi ya apu zilizofunguliwa, sio kwa kubonyeza ikoni, na uangalie unachokiona. Swali ni moja tu, je mtu aliyelipa sekunde chache zilizopita anaona oda yake?

Hiyo `pidof` ni nzuri hata bila kuua kitu. Kwenye simu halisi ya bei nafuu andika namba, toka nenda WhatsApp fungua video ya mtu, piga picha moja, soma meseji, rudi, angalia namba tena. Ikibadilika basi umeshuhudia apu yako ikiuawa na simu yenyewe bila msaada wako. Kwenye simu ya ofisini yenye RAM ya 8GB unaweza kukaa siku nzima namba isibadilike, ndo maana hii hitilafu haionekani kwa aliyeiandika.

Upande wa mtandao kuna jaribio moja nalipenda kuliko mengine yote na halihitaji hata mtandao mbovu. Kinachomuumiza mangi ni ombi kufika na jibu kutokufika, kwa hiyo litengeneze hilo moja kwa moja. Kwenye seva ya majaribio, baada ya oda kuandikwa na kabla ya kujibu, ilaze:

```
await hifadhiOda(oda);
await new Promise(r => setTimeout(r, 40000));
res.json(oda);
```

Sekunde 40 zinazidi uvumilivu wa apu nyingi. Bonyeza "Agiza", subiri apu ikate tamaa, fanya kile maandishi yanachokwambia ufanye, kama yanasema jaribu tena basi jaribu tena, kwa uaminifu kabisa kama mangi. Alafu fungua databesi uhesabu oda. Ukikuta mbili, tatizo lako liko kwenye makubaliano kati ya simu na seva, na hata mangi akipewa 5G bado litakuwepo, litapungua kuonekana tu.

Dawa yake inajulikana, ila watu wanaiweka vibaya. Kila oda inapewa ufunguo wake wa kipekee, UUID inatosha, unaotengenezwa na simu, na seva inakataa kuandika ufunguo mmoja mara mbili:

```
CREATE UNIQUE INDEX oda_moja ON oda (ufunguo);
```

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni ufunguo kutengenezwa ndani ya kitufe, yaani kila ukibonyeza unazaliwa ufunguo mpya, kwa hiyo seva inaona oda mbili halali kabisa na ile index haina kazi. Ufunguo uzaliwe kapu linapoanzishwa, uandikwe kwenye databesi ya simu kabla ombi halijatoka, na ufe tu pale seva inapothibitisha mwisho wa oda. Ukiushika kwenye memori tu, simu ikiiua apu ufunguo unakwenda nao, na hapo umerudi ulikotoka. Kosa la pili liko seva, ufunguo ukijirudia seva inarudisha kosa la 409, na apu kwa kuwa imefundishwa kwamba kila kosa ni kushindwa inamwonyesha mangi yale maandishi mekundu, wakati oda yake iko salama. Ufunguo ukijirudia seva irudishe oda ileile ya mwanzo na hali yake, kana kwamba ndo inajibu mara ya kwanza. Na mangi akibadilisha kapu, akaongeza ndoo ya tatu, hiyo ni oda nyingine, ipewe ufunguo mpya, la sivyo ataletewa mbili akidhani ni tatu.

Alafu yale maandishi. Apu nyingi zina majibu mawili tu, imefanikiwa au imeshindikana, na kwenye mtandao wa hivi jibu la tatu ndo linatokea sana: haijulikani. Ukikosa jibu ndani ya muda wako huna haki ya kuandika "Imeshindikana" kwa sababu hujui. Andika "Hatujapata jibu bado, tunaangalia oda yako, usilipe tena", kisha apu ikirudi hewani iulize seva kwa ule ufunguo. Seva ndo inayojua, maana taarifa ya malipo kutoka kampuni ya simu inakuja kwake, haiji kwenye simu ya mteja. Wenzetu wa Kenya wanaotumia Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, wanaona hii tofauti vizuri kwenye majibu yenyewe, ResultCode 1032 ni mteja kakataa na 1037 ni simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati, na haya mawili kumwandikia mtu sentensi moja ya "malipo yameshindikana" ni kumnyima taarifa anayoihitaji, wa kwanza kaamua mwenyewe, wa pili anastahili kitufe cha kutumiwa ujumbe upya kwa oda ileile.

Kuhusu kupunguza kasi kwa makusudi, sikatai, ina kazi yake. Laptopu ya Linux ikigawa hotispoti kwa simu unaweza kufanya hivi:

```
sudo tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 600ms 200ms loss 5% rate 100kbit
```

Badilisha `wlan0` iwe jina la kadi yako ya waifai. Uelewe tu kwamba hii inagusa kinachotoka kwenye laptopu kwenda kwenye simu, yaani majibu, maombi yanapanda bila shida. Kwa tunachokitafuta hapa hiyo ni bahati, apu ikishaunganika unaweza kubadilisha `add` kuwa `change` na kuweka `loss 100%` katikati ya oda, ombi linapita na jibu linamezwa, hali ileile ya kijijini ukiwa umekaa mezani. Ila usiichukulie kama ndo kijiji chenyewe. Netem inachelewesha kwa usawa, wakati mtandao wa kweli unanyamaza kabisa nusu dakika kisha unamwaga kila kitu kwa mkupuo, na apu iliyopanga foleni ya maombi matano inajikuta inayapokea yote kwa wakati mmoja.

Na kuna hali moja haina amri ya kuiiga, bando kuisha. Alama ya 4G ipo, mishale inawaka, Android ikiulizwa na apu "kuna mtandao?" inaweza kujibu upo, lakini hakuna kinachopita, ombi linaning'inia mpaka muda uishe. Apu nyingi zinauliza tu kama simu imeunganishwa, haziulizi kama Android imethibitisha kwamba intaneti inafanya kazi kweli, ambayo ndo ile `NET_CAPABILITY_VALIDATED`, na hata hiyo inaweza kuchelewa kugundua bando limekatika muda huu. Nunua laini, weka bando dogo kabisa, liache liishe katikati ya oda. Jaribio la bei ya soda.

Simu ya kutestia nunua mtumba, na ukishainunua usiifute ikawa safi. Simu safi inadanganya. Ya mtu halisi ina nafasi iliyobaki ya megabaiti kadhaa tu, picha za harusi, video za magrupu, na nafasi ikijaa SQLite inakataa kuandika, inarudisha kosa la `SQLITE_FULL`, na kumbuka ule ufunguo tumesema uandikwe kwenye databesi ya simu kabla ombi halijatoka. Sasa ukikataa kuandikika apu yako inafanya nini? Kama inameza kosa na kutuma oda hivyohivyo, umerudi kwenye oda mbili kwa mlango wa nyuma. Isitume, na imwambie mangi afute video mbili tatu kwanza. Jaza simu kwa video mpaka ilie nafasi, alafu agiza. Na upime apu iliyojengwa kwa ajili ya kutoka sokoni, sio ile ya kutengenezea, hasa Flutter, maana ile ya kutengenezea kwenye simu dhaifu inaburuta miguu kiasi kwamba utakimbizana na matatizo ambayo mteja hatayaona.

Limebaki moja ambalo `am kill` haliwezi kukuonyesha. Watengenezaji wengi wa simu wanaweka programu zao za kutunza chaji, na nyingine zinazima apu kwa ukali kuliko Android yenyewe, hali inayokaribia ile ya `force-stop`. Apu ikizimwa hivyo, kazi ulizozipanga kwenye WorkManager zitume oda baadaye hazifanyi kitu mpaka mwenye simu aifungue tena. Kwa hiyo oda iliyokwama isitegemee kazi ya nyuma peke yake, kila apu inapofunguliwa kitu cha kwanza iangalie kama kuna ufunguo ambao haujafungwa na iuulizie kwa seva. Hili lijaribu kwenye simu yenyewe ya aina wanayotumia wateja wako, agiza mtandao ukiwa umezimwa, funga skrini, iache usiku kucha bila chaji, asubuhi washa mtandao bila kufungua apu uangalie databesi ya seva, kisha fungua apu uangalie tena. Kama oda inaingia pale tu unapofungua, usimwandikie mangi "oda yako itatumwa mtandao ukirudi", mwandikie "fungua apu ukipata mtandao".